Kotisoli imezidi au imepungua? Mwongozo kamili wa kusoma vipimo vya adrenali kwa anayejiandaa na mtihani

Swali huonekana jepesi. Mgonjwa ana uso wa mviringo, tumbo limejaa, mikono na miguu imekonda. Mtahiniwa anaandika "Cushing", anachagua kipimo cha deksamethasoni, anageuza ukurasa. Amekosa, kwa sababu mstari wa nne wa swali ulisema kotisoli ya asubuhi ni 60.

Kosa hili hujirudia kila msimu wa mitihani, na wanaolifanya si wavivu. Wamekariri dalili za ziada upande mmoja wa daftari na dalili za upungufu upande wa pili, kisha swali likachanganya pande zote mbili. Njia iliyo hapa chini inaanzia kwingine: kwanza unajua nani anamwamuru nani, ndipo unasoma namba. Imeandikwa kwa wanafunzi wa udaktari, maafisa tabibu na wauguzi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi tupu na kalamu. Mchoro wa hatua ya kwanza utauchora upya kwa kila swali mpaka mkono uzoee.
- Namba tatu za kotisoli kwa nmol/L: 50 (baada ya deksamethasoni), 100 (asubuhi bila dawa), 500 (baada ya Sinakteni).
- Kibadilisho cha vipimo. Jibu likija kwa µg/dL, lizidishe kwa 27.6 kupata nmol/L. Kwa hiyo 1.8 ni karibu 50, na 18 ni karibu 500.
- Kiwango cha kawaida cha ACTH cha maabara husika. Hubadilika kati ya maabara na maabara, na swali zuri hukiandika.
- Orodha ya dawa zote za mgonjwa, zikiwemo za kupaka.

## Hatua ya 1: Chora mzunguko

Juu kabisa andika haipothalamasi. Inatoa CRH, ambayo inaiamuru pituitari. Pituitari inatoa ACTH, ambayo inaziamuru tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo. Adrenali zinatoa kotisoli. Sasa chora mshale wa kurudi: kotisoli inapanda hadi kwenye pituitari na haipothalamasi na kuziambia zipunguze.

Mshale huo wa kurudi ndio unaobeba karibu maswali yote. Fikiria mama anayemwita mtoto aliye uwanjani: asipojibiwa, anapaza sauti; akijibiwa upesi, ananyamaza. Adrenali zikifa, ACTH hupanda. Adrenali zikitoa kotisoli kupita kiasi zenyewe, ACTH hushuka mpaka isionekane vizuri kwenye kipimo.

Ongeza mambo mawili pembeni ya mchoro. La kwanza ni saa. Kotisoli huwa juu kabisa mnamo saa 2 asubuhi na chini kabisa usiku wa manane. Kotisoli iliyopimwa saa 9 alasiri bila maelezo haina maana kubwa.

La pili ni aldosteroni. Hutoka kwenye adrenali hizohizo, lakini bosi wake mkuu si ACTH. Huongozwa na renini kutoka kwenye figo, kupitia angiotensini, na pia na kiwango cha potasiamu kwenye damu. Chora mshale wake kando, usiuunganishe na pituitari.

Tahadhari: ukisahau mshale huo wa kando, hutaelewa kwa nini mgonjwa wa pituitari hapandi potasiamu.

Utajua umefaulu ukiweza kuziba sehemu yoyote ya mchoro kwa kidole na kusema homoni ipi itapanda na ipi itashuka.

## Hatua ya 2: Uliza dawa kabla ya kupima chochote

Sababu ya kawaida kuliko zote ya mwili kuonyesha ziada ya kotisoli ni steroidi zinazotoka nje: vidonge vya prednisoloni, sindano za viungo, dawa za pumu za kuvuta zikitumiwa kwa dozi kubwa, na krimu za ngozi. Kwetu Afrika Mashariki lazima uulize kuhusu mkorogo na krimu za kujichubua zenye klobetasoli au betamethasoni, na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti, ambavyo vingine vina deksamethasoni. Mgonjwa akiulizwa "unatumia dawa gani?" atasema hatumii. Muulize anapaka nini, na ikiwezekana alete kopo.

Sababu ya kuliweka swali hili mbele ya vipimo iko kwenye mchoro. Steroidi ya nje hupanda na ule mshale wa kurudi na kuinyamazisha pituitari kama vile kotisoli ya kweli. ACTH ikikaa chini kwa wiki na miezi, adrenali hunywea. Mgonjwa anabaki na sura ya ziada na tezi za upungufu, kwa wakati mmoja.

Kuna dawa nyingine zinazopotosha majibu yenyewe. Rifampisini, fenitoini na kabamazepini huliharakisha ini kuvunja deksamethasoni, hivyo kipimo cha kuzuia kinaweza kuonekana kimeshindwa kwa mtu asiye mgonjwa kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu, na kwa kuwa maabara hupima kotisoli yote, jibu hupanda bila ugonjwa. Ikiwezekana vidonge hivyo husimamishwa wiki 6 kabla ya kupima. Prednisoloni nayo husomwa na mashine nyingi kana kwamba ni kotisoli. Deksamethasoni haisomwi hivyo.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kabla ya kuona namba, kama namba hizo zitaaminika.

## Hatua ya 3: Chagua upande wa kusukuma

Kanuni ni moja: ukishuku ziada, jaribu kuizuia, ukishuku upungufu, jaribu kuchochea.

Homoni inayodhibitiwa hushuka ikizuiwa. Ikikataa kushuka, kuna kitu kinachoitoa bila kusikiliza amri. Vivyo hivyo tezi yenye akiba hupanda ikichochewa. Ikishindwa, akiba haipo. Kotisoli moja ya asubuhi haitoshi kuthibitisha Cushing, kwa kuwa mtu asiye mgonjwa mwenye hofu ya sindano anaweza kuwa na 600, na mgonjwa wa Cushing akawa na 450. Tofauti yao haiko kwenye namba ya asubuhi, iko kwenye jinsi wanavyoitikia amri.

## Hatua ya 4: Ukishuku ziada

Kuna maswali matatu, na lazima yaulizwe kwa mpangilio huu. Wengi huruka moja kwa moja hadi la tatu na kuagiza picha ya MRI ya pituitari. Hiyo ni hatari, kwa sababu uvimbe mdogo usio na madhara huonekana kwenye pituitari za watu wengi wazima, na adrenali nazo hivyohivyo.

Swali la kwanza: ziada ipo kweli? Mpe mgonjwa deksamethasoni 1 mg saa 5 usiku, kisha pima kotisoli saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Mtu asiye mgonjwa hushuka chini ya 50 nmol/L, kwa kuwa deksamethasoni imeinyamazisha pituitari usiku kucha. Ikibaki juu ya 50, shuku inaongezeka. Vipimo vingine vinavyokubalika ni kotisoli ya mate ya usiku wa manane na kotisoli huru ya mkojo wa saa 24, kila kimoja kikirudiwa angalau mara mbili. Kile cha mate hutumia ukweli kwamba mgonjwa wa Cushing hupoteza mteremko wa usiku mapema. Usikitumie kwa muuguzi au mlinzi wa zamu za usiku, maana saa ya mwili wake imegeuka.

Unywaji mkubwa wa pombe na sonona kali vinaweza kupandisha kotisoli bila ugonjwa wa Cushing. Jibu lililo mpakani kwa mtu wa namna hiyo hurudiwa baadaye. Halimpeleki kwenye upasuaji.

Swali la pili: ACTH iko wapi? Ikiwa chini ya 1.1 pmol/L (5 pg/mL), pituitari imenyamazishwa, na chanzo ni adrenali yenyewe. Hapo picha ya tumbo ndiyo inayofuata. Ikiwa juu ya 4.4 pmol/L (20 pg/mL), kuna kitu kinachoitoa ACTH. Katikati ya namba hizo, rudia kipimo.

Swali la tatu, kama ACTH haijazimika: inatoka pituitari au kwingine? Hapa mitihani hupenda deksamethasoni ya dozi kubwa, 8 mg. Uvimbe wa pituitari huwa na usikivu mdogo, lakini haujaziba masikio kabisa. Ukipewa dozi kubwa, kotisoli hushuka kwa zaidi ya nusu. Uvimbe wa nje ya pituitari, kwa mfano saratani ya mapafu ya seli ndogo, kwa kawaida hausikii kabisa. Uvimbe wa adrenali pia haushuki, ila kwa sababu tofauti: ACTH ilikwishazimika, kwa hiyo deksamethasoni haina cha kuzima.

Kwenye kliniki kipimo hicho cha 8 mg kimepungua heshima, kwa kuwa baadhi ya vivimbe vidogo vya mapafu hushuka kama vya pituitari. Kinachoaminika zaidi ni kuchukua damu kwenye mishipa inayotoka pituitari na kuilinganisha na ya mkononi. ACTH ya kule ikiwa angalau mara 2 ya mkononi, au mara 3 baada ya kuchoma CRH, chanzo ni pituitari.

Dokezo la kuokota alama: potasiamu ya chini sana kwa mgonjwa aliyekonda ghafla huelekeza kwenye uvimbe wa nje ya pituitari. Kotisoli inakuwa nyingi kiasi cha kuizidi nguvu kinga ya figo, kisha inafanya kazi ya aldosteroni.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kwa nini vyanzo viwili tofauti vinashindwa kushuka kwa 8 mg, na ni namba gani inayovitenganisha.

## Hatua ya 5: Ukishuku upungufu

Anza na kotisoli ya saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Chini ya 100 nmol/L, upungufu una uwezekano mkubwa. Ikiwa juu vya kutosha, unaondolewa shaka. Kati ya hapo ndipo Sinakteni inapohitajika.

Sinakteni ni ACTH ya kutengenezwa. Chukua damu ya mwanzo, choma 250 µg kwenye mshipa au msuli, kisha pima kotisoli baada ya dakika 30, na mara nyingi dakika 60. Jibu la kawaida hufikia 500 nmol/L au zaidi. Mashine mpya zinazoitambua kotisoli kwa umahususi zaidi hutumia mpaka wa chini kidogo, kati ya 400 na 450, kwa hiyo soma mpaka ulioandikwa kwenye swali. Kinachotazamwa ni kilele. Mtu aliyeanza na 480 akafika 560 amefaulu, hata kama kupanda kwake kunaonekana kudogo.

Mgonjwa aliyekwisha kuanza haidrokotisoni asimeze dozi yoyote ndani ya saa 24 kabla ya kipimo, vinginevyo unapima kidonge. Hili ni kwa mgonjwa aliyetulia tu.

Kilele kikishindwa, Sinakteni imekuambia kwamba tezi haina akiba. Haijakuambia kwa nini. Jibu hilo liko kwenye ACTH iliyochukuliwa pamoja na damu ya mwanzo:

- Kotisoli chini, ACTH juu: adrenali zimeharibika. Huu ndio ugonjwa wa Addison. Aldosteroni nayo imepotea, hivyo sodiamu hushuka, potasiamu hupanda, renini hupanda. Ngozi, fizi na mistari ya viganja huwa nyeusi zaidi, kwa kuwa ACTH nyingi huchochea seli za rangi. Kifua kikuu cha adrenali ni miongoni mwa sababu zake, na ndicho Thomas Addison alichokikuta kwa baadhi ya wagonjwa aliowaeleza mwaka 1855.
- Kotisoli chini, ACTH chini au ya "kawaida": tatizo liko juu, kwenye pituitari au haipothalamasi, au steroidi ya nje imeinyamazisha. Ngozi haiwi nyeusi. Potasiamu hubaki sawa, kwa kuwa renini inaendelea kuiamuru aldosteroni. Sodiamu bado inaweza kushuka, kwa kuwa bila kotisoli mwili hushikilia maji kupita kiasi.

Angalia neno "kawaida" hapo. ACTH ya katikati ya kiwango, ilhali kotisoli ni 60, si ya kawaida hata kidogo. Mama aliyenyamaza huku mtoto haitiki ana tatizo lake mwenyewe.

Tahadhari ya kwanza: Sinakteni inaweza kudanganya. Mwanamke aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua na kupoteza pituitari anaweza kufaulu kipimo wiki ya pili, kwa sababu adrenali zake bado hazijanywea. Ndani ya wiki 4 hadi 6 za mwanzo usiliamini jibu zuri. Kipimo cha insulini, kinachoishusha sukari chini ya 2.2 mmol/L ili kuulazimisha mzunguko wote uitikie, hujibu swali hilo. Hakifanywi kwa mwenye kifafa au ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Tahadhari ya pili, na hii huua: mgonjwa aliyezimia, presha imeanguka, anatapika na unashuku upungufu, hasubiri Sinakteni. Chukua damu ya kotisoli na ACTH kama inachukua sekunde, kisha mpe haidrokotisoni 100 mg kwa mshipa au msuli na lita 1 ya maji ya chumvi ya 0.9% ndani ya saa ya kwanza. Kisha haidrokotisoni 200 mg kwa saa 24. Mtahiniwa anayechagua "fanya Sinakteni kwanza" kwenye swali hili amemwua mgonjwa kwenye karatasi.

Tahadhari ya tatu: mgonjwa wa Addison anayeanzishiwa rifampisini atavunja haidrokotisoni yake haraka na anaweza kuanguka. Dozi huongezwa. Na kama ana upungufu wa homoni ya thairoidi pia, kotisoli hutangulia. Thairoksini ikitangulia inaweza kumtumbukiza kwenye hali hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Lifanye swali lililotajwa mwanzoni

Mwanamke wa miaka 34. Kwa miaka miwili amepaka krimu ya kung'arisha ngozi mwili mzima. Uso umekuwa wa mviringo, ana michirizi ya zambarau tumboni na mapajani, na mwaka jana aliambiwa presha imepanda. Wiki tatu zilizopita aliiacha krimu kwa sababu ngozi ilianza kuchubuka. Sasa ana kichefuchefu, uchovu mzito na kizunguzungu akisimama. Presha 98/60. Sodiamu 131, potasiamu 4.2, sukari 3.4 mmol/L. Kotisoli ya saa 2 asubuhi 60 nmol/L, ACTH 1.0 pmol/L (kawaida 2 hadi 11). Dakika 30 baada ya Sinakteni, kotisoli 180.

Soma jozi kwanza. Kotisoli chini, ACTH chini: pituitari imenyamaza ilhali inatakiwa kupiga kelele. Addison imeondoka papo hapo, na potasiamu ya 4.2 inakubaliana nawe.

Je, ni uvimbe wa adrenali? Huo nao huzima ACTH, lakini kotisoli ingekuwa juu. Hapa iko 60. Sura ya ziada pamoja na kotisoli ya chini huacha maelezo yanayoingia akilini kirahisi: steroidi ambayo mashine haiioni. Klobetasoli ndiyo iliyojenga uso ule na michirizi ile, ikapanda na mshale wa kurudi, ikaizima pituitari, adrenali zikanywea. Alipoiacha ghafla, kilichobaki ni tezi zisizo na akiba. Sinakteni ya 180 inathibitisha kunywea huko.

Sasa chaguo za swali. Deksamethasoni 1 mg ni kosa: unazuia kitu ambacho tayari kimezimwa. MRI ya pituitari si ya kwanza. Historia imekwisha kueleza. Fludrokotisoni haihitajiki, kwa kuwa aldosteroni ipo. Jibu ni haidrokotisoni ya kujazia, kwa kawaida 15 hadi 25 mg kwa siku ikigawanywa, dozi kubwa zaidi asubuhi. Dozi huongezwa akiwa na homa au akifanyiwa upasuaji, na akitapika bila kukoma hupewa sindano. Kama presha ingezidi kuanguka au angechanganyikiwa, ungerudi kwenye tahadhari ya pili ya hatua ya 5 bila kusubiri namba yoyote.

Swali la nyongeza huwa: ataacha lini vidonge? Pituitari huamka kwanza, adrenali hufuata, na kwa wengine hilo huchukua miezi mingi. Hupimwa kotisoli ya asubuhi akiwa hajameza haidrokotisoni kwa saa 24. Ikivuka 300 nmol/L, mzunguko umerudi na vidonge vinaweza kuachwa. Kati ya 150 na 300 anaendelea na kupimwa tena baada ya wiki kadhaa hadi miezi. Chini ya 150 anaendelea na dozi ileile, anapimwa tena baada ya miezi michache, na anaulizwa tena, kwa upole, kama kopo jipya limeingia nyumbani.